Picha ilikufa na simu, gauni nikalieleza kwa mdomo: uzoefu wangu na mshauri wa mavazi

Nilikuwa nimeshalipa Sh 15,000 simu ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji. Huduma yenyewe ni ya dada mmoja wa Iringa anayeuza nguo na kushauri watu namna ya kuvaa. Unamtumia picha mbili za nguo yako, mbele na nyuma, unamwambia unakwenda wapi, naye anakuambia uvae viatu gani, ujifunike na nini, na fundi arekebishe wapi. Picha zangu nilizipiga kibandani kwa fundi Mwanjelwa siku ya kujaribu gauni, nikarudi nazo Tukuyu nikisema nitazituma jioni. Jioni ndiyo hiyo simu ikaogelea. Fundi simu aliifungua, akaitazama, akaniambia bodi imekufa, na picha zimekwenda nayo.

Mtauliza kwa nini fundi wa nguo asipige nyingine. Mzee wangu yule ana kitochi kama nilichoazima mimi, na hapendi majirani wa kibandani wapige picha nguo isiyoisha, wasije wakamwiga mshono. Kwenda Mbeya na kurudi kwa ajili ya picha tu sikuweza, ilikuwa Alhamisi na zamu zote ni zangu. Gauni lilikuwa la kuchukuliwa Ijumaa, Jumamosi ni sendofu ya mtoto wa dada yangu, Makambako. Nikampigia dada wa Iringa kumwomba anirudishie hela.

"Kamwene dada," akasema, "hela nitakurudishia tukishindwa. Kwanza nieleze hilo gauni."

Nikamweleza kama ambavyo ningemweleza mtu yeyote: gauni la kitenge, kijani, zuri sana, limenikaa vizuri, refu kiasi, la kushonea sendofu. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia katika maneno yote hayo amepata mawili tu, kitenge na sendofu. Nilikasirika, nisiseme uongo. Lakini baadaye nilipokaa nikayarudia maneno yangu nikaona ni kweli. Gauni "zuri la kijani, refu kiasi" hata mimi nisingeweza kulichora.

Tukaanza upya kuanzia begani kushuka chini. Shingo ikoje? Ya duara, imekaa juu, inagusa mfupa wa shingo. Mikono? Mifupi, inaishia kwenye kiwiko. Hapo akaanza kuniambia nitafute koti fupi la rangi nyeusi linaloishia kiunoni, maana Makambako mwezi wa sita baridi yake na upepo wake anaujua. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza koti la nani nitaliazima, ndipo akauliza kama kwa bahati tu: mkono umelala begani au umevimba? Umevimba, nikamwambia. Fundi ameujaza mikunjo begani mpaka umesimama, ukishuka kiwikoni unabana. "Basi koti lote lifute," akasema. Mkono wa namna hiyo ukiuvalia koti, ama mikunjo inabonyea na kutoka na makunyanzi, ama koti halipandi kabisa begani. Akabadilisha: shali nzito ya kuzungusha mabegani, isiyogandamiza, na joto lenyewe litoke ndani, yaani fulana nyembamba ya kubana chini ya gauni na taiti nene ya rangi ya mwili, juu yake gagulo la satini ili kitenge kisigande kwenye taiti nikitembea. Mkono uliovimba tu ndio uliogeuza ushauri mzima, na mimi sikuona kama ni jambo la kutaja.

Urefu nao ulinipa kazi. Neno "refu kiasi" alilikataa. Alitaka kujua pindo linagusa wapi mwilini: juu ya goti, chini yake, kwenye shavu la mguu au kwenye kifundo. Nikasimama mbele ya kioo na kitenge kingine, nikakumbuka fundi alipoinama kunipimia, nikamwambia ni pale pale shavu la mguu lilipojaa. Akasema ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kwa sababu jicho linasimama pindo linapoishia, na hapo ndipo mguu ulipo mnene. Nimwambie fundi apandishe inchi 3, pindo liishie chini kidogo ya goti mguu unapoanza kusinyaa. Na akunje tu kwa ndani, asikate, nikija kulitaka refu kanisani nifumue.

Kisha akaja kwenye kukaa kwa nguo. Hapa alinituma kwa fundi. Daftari la mzee lina vipimo vyangu vya mwili: kifua 40, kiuno 34, hipsi 44. Alichotaka yeye ni vipimo vya gauni lenyewe. Nikampigia fundi, akalilaza mezani, akafunga zipu, akapima upande kwa upande bila kulivuta. Kifuani akapata inchi 21, kiunoni 17 na nusu, hipsi 22 na nusu. Ukizidisha mara 2 unapata 42, 35 na 45. Kifua kina nafasi ya inchi 2, hakuna tatizo. Kiunoni inchi 1 inatosha kwa sababu hapo ndipo nguo inaposhika mwili. Hipsi ndiyo alipogomea. Kitenge hakivutiki, na mtu akikaa makalio yanatanuka. Inchi 1 ya nafasi inakutosha ukisimama, ila ukikaa gauni linapanda na mshono unalia.

Akaniuliza: siku ya kujaribu, mapajani kulikuwa na mikunjo? Ilikuwepo. Ya kulala au ya kusimama? Nikafumba macho nijikumbuke kwenye kile kioo cha fundi chenye ufa, nikaiona: mistari miwili mitatu imelala kukatiza mapaja, nami nilidhani ni kwa sababu gauni lilikuwa halijapigwa pasi. Akasema mikunjo ya kulala maana yake nguo inavutwa na mwili, imebana. Ya kusimama ingekuwa nguo imezidi, inaning'inia. Pasi haiondoi ule wa kulala. Dawa yake ni kufumua mishono miwili ya pembeni kuanzia kiunoni kwenda chini na kutoa robo inchi kila ukingo. Kingo ni 4, kwa hiyo unapata inchi 1 nzima, hipsi inakuwa 46. Hilo linawezekana tu kama fundi aliacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Mzee wangu aliacha. Wengine hukata kipande mpaka kwenye uzi, na hao hata upewe ushauri gani hautakusaidia.

Rangi ndiyo tulikochekea. Nilimwambia kijani cha chai. Naye kwao Mufindi chai ipo, hakuona ajabu, ila akauliza: kijani cha chipukizi wanalochuma au cha jani lililokomaa chini ya kichaka? Sikuwahi kufikiri kwamba ni rangi mbili. Ni mbili kweli, chipukizi lina umanjano, jani kuukuu limekolea karibu na weusi. Langu lilikuwa la pili. Kamati ilitupangia kijani upande wa mama, na nilikuwa nimechagua cha kukolea makusudi nisifanane na wasichana. Juu yake kuna maduara ya rangi ya haradali, ukubwa wa kiganja changu, na mistari myembamba ya damu ya mzee. Akataka kujua ipi imetawala. Kijani kama nusu ya kitambaa, haradali inafuata, damu ya mzee kidogo sana. Akasema shali iwe ya hiyo kidogo. Ukichukua kijani unakuwa pazia, haradali itashindana na maduara, lakini damu ya mzee itaokota ile mistari ambayo mtu akiwa mbali haioni. Viatu skuna za kahawia ya ngozi, kisigino kisichozidi inchi 2.

Kisigino kilitokana na shughuli. Aliniuliza nitakuwa nani pale: mgeni wa kula na kuondoka, au mwenye kazi? Mimi ni mama mdogo. Naingia ukumbini nikicheza na kundi la upande wa mama, nakaa karibu na meza kuu, nanyanyuka kumkabidhi mtoto zawadi, halafu nabaki mpaka usiku. Mtu wa namna hiyo, alisema, hapewi kisigino cha kupigia picha.

Sasa palipokosewa. Alinishauri mkanda wa rangi ya dhahabu, mwembamba, kiunoni. Kwa maneno niliyompa ulikuwa ushauri sahihi. Tatizo ni kwamba kitenge changu ni kile chenye chengachenga za kumetameta juu ya maduara, na mimi sikulisema hilo kwa sababu kibandani kwa fundi mchana hakikumeta sana. Naye hakuuliza. Ukumbini taa zilipowashwa nikawaka mwili mzima, na mkanda juu yake, dada yangu akaniambia, "Mdogo wangu, umekuwa mti wa Krismasi." Nikaenda chooni nikauvua. Kwa hiyo swali la kitambaa kung'aa au kufifia aliongeze kwenye orodha yake, na aliulize mwanzoni kabisa, pamoja na lile la mikono. Malalamiko mengine ni ya vocha: tuliongea karibu dakika 40 kwa salio langu, na maswali yale yote angeweza kunitumia kwa ujumbe nikayajibu nikiwa na daftari la fundi mkononi. Nyuma ya gauni hatukuigusa kabisa. Kumbe zipu ilikuwa na uzi wa rangi nyingine, nikaiona nikiwa ndani ya kosta, tumeshapita Uyole.

Mengine yalikaa. Nilikaa kwenye kiti cha ukumbi saa nne nzima na hipsi haikulia. Shali ilishika joto bila kuuvunja mkono, na wawili waliniuliza nimeipata wapi, nikawaambia mitumba ya Sokomatola. Fundi alipandisha pindo Ijumaa asubuhi huku ananung'unika kwamba watu wa Iringa wameanza kumfundisha kazi, kisha aliponivisha akanizungusha mara mbili akasema, "Haya, ndaga."

Nimempa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye mkoba pamoja na ule mkanda.