Barua ya konsaltanti: kulipwa kila mwezi au kwa kazi iliyokamilika?

Chukua konsaltanti wa hesabu hapa Nairobi, kazi ya miezi 3, jumla 360,000. Barua ya kwanza inasema atalipwa 120,000 kila mwisho wa mwezi, aripoti saa mbili asubuhi, atumie laptopu ya ofisi na akitaka likizo aombe meneja. Hata ukiandika juu kabisa "huyu si mwajiriwa", mkifika kortini jaji ataangalia vile mlikuwa mnafanya kazi, na hapo ni mwajiriwa tu, halafu KRA nao wanaweza kuja kudai PAYE ambayo haikukatwa.

Ya pili inagawa kazi: ripoti ya kwanza, mfumo mpya wa hesabu, kisha mafunzo kwa stafu, kila moja 120,000 ikishakubaliwa, na analeta invoisi yake. Mnamkata 5% ya ushuru wa zuio, yaani 6,000, anabaki na 114,000. Masaa ni yake, vifaa ni vyake, anaweza kuwa na wateja wengine na hata kutuma msaidizi. Hicho kipengele cha msaidizi watu hukiruka sana, na kina uzito kwa sababu mwajiriwa hatumi mtu amfanyie kazi. Mi naenda na ya pili, bora tu meneja asianze kumtaka aombe ruhusa ya kutoka.