Bando gani ununue kama unaposti biashara kila siku na net yenyewe ya kusuasua

Hii nawaandikia wale wenzangu wanaouza kwa simu, iwe viatu vya mtumba, keki au vitenge, wapo Dar au mkoani, wanatakiwa waposti kila siku na hawana waifai ya dukani wala nyumbani. Wengi wananunua bando kwa kuangalia bei tu, halafu ikifika Alhamisi MB zimekata na vidio ya mzigo mpya bado ipo galari haijapanda.

Kabla ya kupanga lipi la kwanza lipi la mwisho tujue kwanza kazi yenyewe inakula kiasi gani, maana watu wanaikuza sana. Chukua dada anayeuza viatu Kariakoo. Kwa wiki anaposti Reels 5 za sekunde 30, kila siku picha 4 za Instagram, kila siku vipande 3 vya vidio kwenye stetasi ya WhatsApp, na anajibu wateja kwa picha na voisi. Vidio ya sekunde 30 ikirekodiwa 1080p inaweza kukaa kama MB 60 kwenye simu, lakini apu inaibana kabla ya kuituma, kwa hiyo kinachopanda hewani ni kama MB 15. Reels zote 5 hapo ni MB 75. Picha zimebanwa pia, zote za wiki tuseme MB 10. Stetasi weka MB 5 kwa kipande, jumla 105. Wateja wape MB 30 kwa siku, ni 210. Jumla MB 400 kwa wiki, haya ongeza MB 100 za zile vidio zinazokatikia njiani na kuanza upya, unapata MB 500. Yaani GB 1 kwa wiki inafanya kazi yote na inabaki. Kinachomaliza bando ni kuskroli, saa moja tu ya kuangalia vidio za watu inaweza kukaribia GB 1.

Sasa mpangilio wangu.

Namba 1 kwangu ni bando la wiki la intaneti tupu, ukiongezea dogo la usiku siku mbili tatu. La wiki linaendana na biashara inayozunguka kila siku, unalinunua Jumapili ukiwa na hela ya wikiendi, na ukiona limeisha Ijumaa unajua wiki hiyo kuna kitu kimekula. Nasisitiza intaneti tupu, maana yale ya mseto yenye dakika na SMS yanaonekana rahisi ila unalipia dakika ambazo hupigi. Ingia kwenye menyu (Voda *149*01#, Airtel *149*99#), chukua bei gawanya kwa MB, ndo ulinganishe. Mfano tu, la 1,000 la siku likikupa MB 500 na la 5,000 la wiki likikupa GB 3, la siku ni shilingi 2 kwa MB na la wiki ni kama 1.70, na hapo bado hujahesabu MB zinazofutika saa 24 zikiisha.

Hilo la usiku ndo watu wanalidharau wakati ndo lina faida kubwa kwa mtu wa kuposti. Usiku wa manane mnara hauna foleni, vidio iliyokusumbua saa 2 usiku inapanda fasta. Utasema nani anaona posti saa 10 alfajiri, na ndo hapa pa kuwa makini: ukitumia Meta Business Suite unapandisha vidio saa hiyo hiyo na unaipangia muda itoke saa 7 mchana au saa 1 jioni, faili linakuwa limeshafika kwao, mchana hata simu ikiwa imezimwa posti inatoka yenyewe. Inataka akaunti ya Instagram iwe ya biashara na ukurasa wa Facebook. Usichanganye na drafti ya Instagram, drafti inabaki kwenye simu yako, haijapanda popote, ukija kuiposti mchana MB zinaliwa mchana. Stetasi ya WhatsApp haipangiki hivyo, hiyo utaweka mwenyewe kwa bando la wiki. Na soma ile SMS ya bando la usiku linaanza saa ngapi linaisha saa ngapi, lisije likaisha vidio ikiwa katikati ukahamia kwenye lingine bila kujua.

Namba 2 ni la mwezi. Kwa MB moja mara nyingi ni rahisi kuliko yote, na kama una nidhamu ya kutoskroli lichukue. Nimeliweka la pili kwa sababu mbili, hela nyingi inatoka mara moja, halafu ukiona GB nyingi mkono unalegea, tarehe 15 limeisha. Pia umefungwa kwenye mtandao mmoja, mnara wa mtaani kwenu ukisumbua wiki nzima huna pa kwenda.

Namba 3 ni yale ya mitandao ya kijamii tu. Kwa stetasi na kujibu wateja yanafaa. Shida ni kwamba mtandao lazima utambue apu unayotumia, kwa hiyo ukiwasha VPN hauitambui, na MB zinakatwa kwenye bando la kawaida au kwenye salio. Linki ya nje ya apu pia haihesabiwi humo.

La siku nimeliweka mwisho, la dharura tu. Ila kuna matumizi yake moja mazuri sana: laini ya pili ya mtandao mwingine. Ya kwanza ikigoma siku una mzigo mpya, unanunua la siku kwenye ya pili unaposti unarudi.

Bando lolote utakalochukua, angalia linavyoliwa na net ya kukatika. Ingia mipangilio, matumizi ya data, soma Instagram imetumia ngapi, posti Reel moja, soma tena. Ikiwa imeongezeka MB 15 mpaka 20 uko salama. Ikiwa imeongezeka 50, huenda hiyo vidio imetumwa zaidi ya mara moja, bando halina kosa, ni mahali ulipokaa. Simu inapata shida zaidi kutuma kuliko kupokea, ndo maana unaweza ukaangalia vidio za watu vizuri tu halafu yako haipandi. Sogea dirishani au toka nje, na kama alama juu inaruka 4G, H+, 4G, nenda kwenye aina ya mtandao uchague moja iliyotulia, hata kama ni 3G, maana kila ikihama vidio inaweza kukatika.

Halafu rekodi kwa 720p, zima Upload at highest quality kwenye Instagram, washa Data Saver ya simu uiruhusu WhatsApp na Instagram tu, na Google Photos iambie ibakapu kwa waifai peke yake. Hiyo ya mwisho iangalie leo leo, kama iko wazi inaweza kupandisha zile vidio za MB 60 zikiwa nzima nzima, tena kimya kimya.

Na kabla la wiki halijaisha muda, kama zimebaki MB nyingi, nunua tena lile lile mapema. Soma SMS yake uone kama zilizobaki zinajumlishwa, mara nyingi zinajumlishwa ukinunua aina ile ile kabla muda haujaisha, ukichelewa hata saa moja zimeondoka.