Saa mbili za karani, saa nne za bahari: Mkoani Pemba hadi Malindi Unguja

Boti ni nzuri, nalisema mapema nisije kuonekana nina chuki. Kinachonikera ni yule karani wa tiketi pale Mkoani. Nimemuuliza kwa adabu: "Mwanangu, tutafika saa ngapi Unguja? Nina tiketi ya boti ya Dar ya saa tano." Hata uso hakuinua. "Mwendo wa saa mbili tu, mzee. Kama una haraka kapande ndege."

Saa mbili! Kwa kuzungukia Nungwi, ni maili za baharini kama 57. Boti ikienda noti 25, yaani maili 25 kwa saa, bahari ikitulia, ni saa mbili na dakika 17. Hapo hatujautaja mkondo. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na msimu wa kusi ndio hupata nguvu. Anayeteremka Unguja anaupanda. Baharia aliniambia tunakwenda 25 majini, lakini simu yangu ilisoma kilomita 42 na ushei kwa saa, ambazo ni noti 23. Noti mbili zimeliwa, dakika 12 zimeongezeka. Kwa meli ya mizigo ya noti 12 ungelia: mkondo huohuo ungekula zaidi ya dakika 50.

Lakini wallahi, mkondo nausamehe. Kilichoniua ni gati. Tulitakiwa kung'oa nanga saa moja na nusu. Ilikuwa bamvua, maji yanatoka, sitaha imeshuka chini ya gati hata ubao wa kupandia umesimama kama ngazi ya mnazi. Hamali wanashuka mmoja mmoja na mikungu ya ndizi, kila mmoja anaangalia anapokanyaga, na abiria tunangoja wapite. Dakika 50 zikenda. Bamvua maji hapa hushuka hadi mita nne, na karani amekaa karibu na gati hilo maisha yake yote!

Malindi nako, baada ya dakika kumi za mwendo wa taratibu kutoka na kuingia bandarini, gati lilikuwa na meli nyingine. Tukaelea dakika 25 tukitazama paa za Forodhani. Tuliondoka saa mbili na dakika 20, tukafunga kamba saa tano na dakika 24. Boti ya Dar ilishaondoka, na tiketi yangu nayo.

Nilitaka kutoa nyota moja. Ila nahodha alitupitisha Nungwi kwa ustadi, hata watoto hawakutapika, na hakuharakisha hamali kwenye ubao ule. Nyota nne basi kwa boti. Kwa safari ya asubuhi ya bamvua wakati wa kusi, wewe hesabu saa nne tangu muda wa tiketi, na boti ya Dar kata ya jioni. Karani simpi hata nusu.