Tangi liko juu kidogo tu ya bafu: ununue koki na shawa zipi?

Kwetu tangi la lita 1,000 limekaa juu ya zege la choo. Kitako chake kiko mita 2.6 kutoka sakafuni, na shawa tuliifunga mita 2. Tangi likikaribia kuisha, maji yanasukumwa na kimo cha sentimita 60 tu. Kila mita ya kimo inatoa presha ya baa 0.1, kwa hiyo hapo tuna baa 0.06. Vifaa vingi vinavyong'aa dukani vimetengenezwa kwa maji ya pampu.

Kwa koki, namba moja ni ile ya mkono wa robo mzunguko yenye tufe ndani. Ifungue dukani, uichungulie kama darubini: tundu liwe la duara, pana karibu sawa na bomba lenyewe. Zipo zinazofanana nazo kwa nje, ila tundu la ndani linapitisha penseli tu. Hizo ziache.

Namba mbili ni koki ya kuzungusha yenye mpira. Maji hupinda ndani yake, lakini mpira wake unabadilishwa kwa bei ndogo. Hakikisha kishikizo cha mpira kimefungwa kwenye spindo, kile kijiti kinachozunguka na mkono wa koki. Kikiwa kimelegea, kinangoja maji yakiinue, na maji ya presha ndogo hayana nguvu hiyo: utazungusha mpaka mwisho na mtiririko usiongezeke.

Ya mwisho ni koki ya kuchanganya moto na baridi kwa mkono mmoja. Njia zake za ndani ni nyembamba, na mipira yake ya kuunganishia ni myembamba zaidi.

Shawa ndiyo iliyotusumbua. Tulinunua pana, sentimita 25, tukapata matone upande mmoja. Nikaifungua, nikakinga ndoo ya lita 10 kwenye bomba tupu: ikajaa kwa sekunde 55. Nikairudisha shawa: dakika mbili na nusu. Bomba halikuwa na kosa. Tukaweka ya kawaida, sentimita 10, yenye matundu makubwa yaliyonyooka, ndoo ikajaa kwa sekunde 75. Hiyo ndiyo ninayoipa namba moja. Kabla ya kuifunga, angalia shingoni; ukikuta kidude cha plastiki chenye tundu dogo, king'oe, maana kazi yake ni kubana maji. Chujio la waya mdomoni mwa koki nalo litoe.

Shawa ya umeme inunue tu kama presha ya chini iliyoandikwa kwenye boksi haizidi uliyonayo. Isipofikiwa, swichi ya ndani haisukumwi na maji yanabaki baridi.

Kisha fundi akatushushia shawa sentimita 20. Kimo kikatoka 60 hadi 80, ongezeko la theluthi nzima, kwa gharama ya kipande cha bomba na kiwiko kimoja. Mrefu wa nyumba anainama kidogo.