Gadi ya umeme ya kujipangia volti: inaifaa PS5 yako?

Karibuni wadau. Hapa mezani nina gadi ya umeme ya kuchomeka ukutani, ile yenye kioo kidogo kinachoonyesha volti na vitufe vya kujipangia. Boksi na waya tunaviruka, mnavijua. Leo nataka tukae kwenye kitu kimoja ninachokipenda kuliko vyote: hii gadi inajua kusubiri.

Angalieni. Nimechomeka taa kwanza, PS5 iko pembeni, maana jaribio hili hatulifanyi na mashine yenyewe. Nazima swichi ya ukutani, nawasha. Kioo kimewaka, kinasoma 231, lakini taa bado giza. Inahesabu kushuka kutoka 60. Ikifika 40 nazima tena, nawasha... mmeona? Imeanza upya, 60. Hapo ndipo iliponiteka. Umeme wa mtaani ukirudi hautulii papo hapo. Unakuja, unakata, unakuja tena, huku friji na pampu za mtaa mzima zinavuta kwa pamoja, na kila ukirudi, powa saplai ya PS5 inapigwa mkupuo mkali wa kuwaka. Ukiwa na gadi, mashine inasubiri nje mpaka umeme utulie dakika nzima. Friji inataka dakika 3 au zaidi kwa ajili ya kompresa. Gemu sekunde 60 zinatosha.

Sasa, kuna watu watasema, mimi nina friji gadi ya zamani, naitumia hiyohiyo. Itakulinda, ndiyo, lakini itakuudhi. Nyingi zinakata umeme ukishuka karibu na volti 185, kwa sababu kompresa inaungua umeme ukiwa mdogo. PS5 haina shida hiyo. Soma kibandiko chake: 100 mpaka 240. Saa 2 usiku mtaa wote unapika, volti zimeshuka 178, PS5 ingeendelea kucheza bila wasiwasi, halafu mlinzi wako mwenyewe anaizima katikati ya mechi! Kwa hiyo hii ya vitufe, kiwango cha chini nakiweka 160. Na msinunue stabilaiza kubwa ya kupandisha umeme kwa ajili ya PS5 peke yake, hela inapotea.

Adui ni umeme mkubwa. Cha juu naweka 255 kwa Tanzania, ambako umeme wetu ni 230. Ndugu zetu wa Kenya, nyinyi mna 240, wekeni 260 isije ikawa inakatakata bure.

Mkubwa unatoka wapi? Mbaya kuliko wote ni nyutro kukatika kwenye nguzo. Laini ya mtaa ina fezi tatu, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikikatika, nyumba yenye vitu vichache vilivyowashwa inaweza kupanda kuelekea hizo 400. Ndani ya powa saplai, umeme wa 240 ukigeuzwa kuwa wa moja kwa moja unafika kilele cha kama 340, na kapasita kubwa kwa kawaida ni ya volti 400 hadi 450. Ukiingia umeme wa 400, kilele kinapita 560. Kapasita inavimba au kupasuka, fyuzi inakwenda nayo. Dalili zake ni harufu ya kuungua, na ukibonyeza kuwasha hata mlio hausikii.

Na ile ekstensheni yenye taa iliyoandikwa kinga ya umeme? Ndani ina varista, kidude cha kumeza mkupuo wa muda mfupi sana. Umeme ukibaki juu kwa dakika nzima, varista inachemka na kuungua, na PS5 inaendelea kupokea. Gadi ina rilei: inakata kabisa. Bei yake haifiki hata gemu moja jipya la PS5.

Kasoro ipo, na ni kubwa: gadi haizuii kuzimika. Luku ikiisha, mashine inazima ghafla, na kama ilikuwa inaandika kwenye diski, utawasha ukutane na ukarabati wa hifadhi. Hapo inatakiwa UPS ya VA 650, ichomekwe kwenye gadi, si kinyume chake. Betri yake ya volti 12, Ah 7, kwa PS5 inayokula wati 200 pamoja na TV, ihesabieni dakika chache tu. Sevu, zima. Video ya kupima UPS tatu inakuja wiki ijayo, aliyejisajili ataiona.

Halafu ingieni Settings > System > Power Saving, mzuie mashine kuingia Rest Mode yenyewe. Ikiwa imelala hivyo, umeme ukikatika ni sawa na kuchomoa waya. Izimeni kabisa.

Ila radi, wadau, gadi haiizuii. Ikianza kunguruma, chomoeni waya wa ukutani, na HDMI pia, kwa sababu inaweza kupitia kwenye dishi, ikaingia king'amuzi, kisha TV, ikaifuata PS5 kwa waya huohuo.