Uzoefu wangu: picha ya mapokezi na nesi kwenye kipeperushi cha kituo chetu cha afya

Mimi ni nesi katika kituo kidogo cha afya huku Kisauni. Mwaka huu nilipewa kazi ya kutafuta mtu wa kututengenezea kipeperushi: karatasi ya A5, mbele picha ya mapokezi na nesi anayemhudumia mgonjwa, nyuma saa za kazi na orodha ya huduma. Nilikwenda kwenye duka la upigaji picha na uchapishaji kule mjini. Jina lao silitaji kwa sababu lawama ninazo, ingawa mwisho wa yote nawapa nyota nne kati ya tano.

Rasimu ya kwanza ilikuja baada ya siku mbili. Ukiitazama kwa mbali ilipendeza: meza inang'aa, sare nyeupe haina hata mkunjo, nesi anatabasamu. Nilipoisogeza karibu ndipo nikaona kwamba walikuwa wameichukua mtandaoni, na aliyeipanga hajawahi kupimwa presha akiwa makini. Mkanda ulifungwa juu ya mkono wa shati. Mkono wa mgonjwa ulilala juu ya paja lake, na miguu ameikunja mmoja juu ya mwingine. Mashine ilikuwa ya dijitali, ile inayojipima yenyewe, lakini nesi ameweka stetoskopu masikioni eti anasikiliza. Na hiyo stetoskopu ilivaliwa kinyume, ncha za masikio zimeelekea nyuma badala ya mbele. Isitoshe alikuwa na glavu mikono yote miwili, na mkono mmoja ameuweka kwenye kibodi ya kompyuta.

Mbunifu aliniambia, "Lakini sista, nani ataona?" Nikamwambia mgonjwa ataona. Kipeperushi hiki kinapelekwa nyumbani, na nyumba nyingi siku hizi zina mashine yao ya presha. Watu wataiga wanachokiona kwenye picha ya kituo chao, si maelezo ninayotoa mimi mlangoni kwa dakika mbili.

Nilimpigia hesabu hapo hapo kaunta. Mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo kwa sentimita 10, uzito wa damu yenyewe huongeza kipimo kwa takriban 7 hadi 8. Chukua mzee ambaye presha yake halisi ya juu ni 135. Mkono ukilala pajani, mashine itamwonyesha 142 au zaidi, na kwa kipimo cha kliniki tunaanza kuhesabu presha ya juu kutoka 140 kwa 90. Ukiongeza miguu iliyokunjwa, nguo chini ya mkanda na maongezi wakati mashine inajaza hewa, namba inazidi kupotea. Mzee huyo ataingia kwangu na hofu ya ugonjwa ambao huenda hana. Kusema kweli mbunifu alinyamaza, akafuta faili ile mbele yangu, na tukakubaliana waje kupiga picha kituoni kwetu. Kwa hilo nawashukuru, maana hawakubishana wala hawakuongeza bei.

Mpiga picha alifika saa mbili asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Tatizo la kwanza lilikuwa mwanga. Taa zetu za mrija zikichanganyika na jua la dirishani, sare nyeupe inatoka na ukijani kama nguo iliyofuliwa vibaya. Alizima taa zote, akafungua madirisha mawili, akamgeuza nesi uso kwenye mwanga. Sare ikawa nyeupe kweli, na ngozi yake ikabaki na rangi yake bila kupaushwa. Hapo nilijua nimepata fundi.

Upande wa sare niliusimamia mwenyewe. Nesi alivaa mikono mifupi, akavua pete na bangili, na saa akaibandika kifuani. Hatuvai saa ya mkononi tukiwa kazini kwa sababu chini yake maji na sabuni havifiki vizuri unaponawa. Glavu hakuvaa, kwani kupima presha kwenye ngozi isiyo na kidonda hakuzihitaji, na mgonjwa anayeona glavu zikitoka kwake kwenda kwenye kibodi ana haki ya kuuliza.

Jambo lililotuchukua muda mrefu lilikuwa mgonjwa mwenyewe. Akina mama wengi wanaokuja kwetu huvaa buibui, na wengi hunyoosha mkono tufunge mkanda juu ya nguo. Kukunja mkono wa nguo unaobana hadi juu nako ni kosa, unakaza kama kamba na kipimo kinaharibika. Tunachofanya ni kumpeleka mama nyuma ya pazia autoe mkono wake kabisa kwenye nguo. Hatukutaka picha ya mama aliye mkono wazi izunguke mitaani, kwa hiyo tulimwomba mzee mmoja, baba wa mfanyakazi mwenzetu, akaja na shati la mikono mifupi na akatia sahihi fomu ya kukubali picha yake itumike. Pazia lenyewe tuliliacha lionekane vizuri kando ya mapokezi, ili mama akiiona picha ajue faragha ipo.

Mzee aliketi kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ulifungwa kwenye ngozi, ukingo wake wa chini vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko. "Niongee au ninyamaze?" akauliza. Nikamwambia, "Nyamaza babu, ndivyo tunavyopima."

Kasoro mbili nilizigundua baadaye kwenye skrini. Daftari la wagonjwa lilikuwa wazi mezani, na ukikuza picha majina yanasomeka. Dirishani kulikuwa na kibandiko cha bima ya afya ya NHIF, ilhali SHA ilichukua nafasi yake tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Mpiga picha hakuyaona yote mawili, na simlaumu, hiyo ni kazi yangu. Tulifunga daftari, tukabandua kibandiko, tukapiga upya. Hatukuficha kwa kompyuta, kwa sababu mgonjwa akifika lazima akute meza ile ile aliyoiona.

Sasa nyota niliyoipunguza. Picha waliyonitumia kuihakiki ilikuja kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na bila kuniuliza waliichukua hiyo hiyo kuichapisha. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha. A5 ikichapishwa kwa 300 dpi inataka takriban pikseli 1748 kwa 2480, na ile ilikuwa pungufu. Nakala ya majaribio ilitoka na ukungu, namba kwenye mashine ya presha hazisomeki na uso wa mzee umelainika kama nta. Ilibidi niende mwenyewe na flashi nichukue faili asilia kutoka kwenye kompyuta ya mpiga picha, hatua kumi kutoka kwenye mashine yao ya kuchapa. Watu wa duka moja wasitumiane kazi kwa simu. Kama huna budi kutumia WhatsApp, itume kama dokumenti, haitaguswa.

Walichapa upya kwa gharama yao. Nakala 500 zilifika kwa wakati, rangi safi, na kwenye skrini ya mashine namba inasomeka: 128 kwa 78, ya babu mwenyewe asubuhi ile.

Oda ya pili, ya kliniki ya wajawazito, nimewapa wao tena. Safari hii nitapeleka kijitabu kipya cha mama na mtoto ambacho hakijaandikwa jina la mtu, na flashi nitakuwa nayo mkobani.