Nyuzi za poliesta na sevu ya kiki, zinasaidia kweli?

Haya wazee mambo vipi, leo niko kwenye koti la tenisi na raketi mbili zinazofanana kila kitu, hii nimefungia nyuzi za poliesta na hii nailoni ya kawaida, maana mmeniuliza sana eti poliesta ndo inaipa sevu ya kiki ule mruko wa juu ikigusa chini.

Sasa tuanze na mkono kwanza, nyuzi baadae. Natumia mkono wa kulia, kwa hiyo naurusha mpira juu ya kichwa, umeegemea kushoto kidogo, alafu raketi inatokea chini inapanda. Chukulia nyuma ya mpira ni saa ya ukutani, nausugua kuanzia namba 7 kupanda hadi namba 1. Mpira unaondoka unajizungusha kwenda mbele, na mzunguko huo unafanya hewa iukandamize chini, ndo maana naweza kuupitisha mbali kabisa juu ya neti, ambayo katikati ni kama sentimita 91 tu, na bado ukadondoka ndani ya boksi la sevu. Sasa cheki unavyodondoka, unakuja kwa kusimama, haulali, na mpira ulioshuka hivyo ukigusa chini lazima upande. Huu wa kwangu unakata kuelekea kulia kwangu, mpokeaji wa mkono wa kulia anakutana nao kwenye bekihendi usawa wa bega, hapo hana raha. Kwenye koti la udongo ndo unapanda zaidi, kwenye nyasi usitegemee sana.

Nyuzi sasa. Nailoni ukisugua zinahama zinabaki zimepinda, si unaonaga watu wanazinyoosha na vidole kila pointi? Poliesta zinateleza alafu zinajirudisha wakati mpira bado uko kwenye raketi, zinausukuma uzunguke zaidi. Mbrazili Gustavo Kuerten alichukua mashindano ya Roland Garros 1997 na nyuzi za aina hii, baada ya hapo wengi wakazifuata.

Leo tofauti nimeiona, ila sio kubwa kama mnavyodhani, kiki ya nailoni nayo inapanda vizuri tu. Ila nikisugua kwa pembeni badala ya juu, hata poliesta inatoa slaisi, mpira unatambaa chini. Nikiurusha mbele sana naugonga bapa, sauti inakuwa pah! na unaishia netini. Ukitaka kujipima piga sevu ukiwa umepiga magoti, pale chini usiposugua kwenda juu mpira hauvuki neti, hakuna kudanganya.

Kwa hiyo kama kiki yako bado inatambaa, baki na nailoni, ni rahisi na haisumbui kiwiko. Poliesta ni ngumu, mkono utausikia, na zinakufa kabla hazijakatika, ukiona zimeacha kujirudisha zenyewe toa, hata kama zote bado nzima.